Voisi za Bwana Uvuvi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu, natoa taarifa tu. Mtaani kwetu Mbinga mgeni akiulizia mahali pa kushonewa, anaelekezwa kwa "yule fundi asiyetoka", na anafika bila kupotea. Cherehani yangu ipo kibarazani kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Kutoka kwenye cherehani hadi kitandani kwangu ni hatua kumi na moja, na jiko liko katikati. Niliyamaliza masomo yangu ya kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikakaa. Mwaka jana niliwahi kumaliza wiki mbili bila kuvuka barabara, na sikuona kilichopungua.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba mapenzi nayo niliyaletewa hapohapo kibarazani. Yalikuja na suruali mbili za kupunguzwa urefu.

Mwenye suruali alikuwa afisa uvuvi, huku tunamwita bwana uvuvi, amepangiwa kazi kule ziwani, Liuli. Alipanda Mbinga kwa ajili ya semina, akakuta suruali alizonunua zinafagia sakafu. Mtu wa Tanga. Nataja Tanga kwa sababu ndiyo chanzo cha matatizo. Sisi huku nyumbani tunaongea Kimatengo. Kiswahili tulikikuta shuleni, kanisani na sokoni, na tunakitumia kama jembe, kwa kazi. Sasa akaja mtu anayesema "naomba uniwie radhi, suruali hizi zanisumbua" kwa sauti ya taratibu kama anayemwaga asali kwenye kijiko. Nilimpima mguu, nikaandika namba vibaya, nikampima tena. Alichukua namba yangu ya simu ili aulize kama nguo ziko tayari. Kesho yake akazichukua, akashukuru, akarudi Liuli. Huo ulikuwa mwezi Machi.

Jioni ile akanitumia ujumbe wa sauti, yaani voisi. Dakika moja na sekunde ishirini za kusifu pindo la suruali. Mimi ninashona tangu nina miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kulizungumzia pindo langu hata kwa sekunde tano. Nikaisikiliza mara nne.

Baada ya hapo zikawa zinakuja kila siku. Asubuhi picha ya kuchekesha: mbuzi amevaa miwani, paka anaangalia ugali kwa huzuni, mzee amelala kwenye kiti na maandishi yanasema "Mimi Jumatatu". Saa kumi na moja jioni, akitoka kazini, voisi. Alinisimulia ziwa, upepo wa siku hiyo, wavuvi waliomficha nyavu zenye matundu madogo wakidhani hajaziona, mama mwenye nyumba anayempikia ugali wa muhogo ambao tumbo lake bado halijauzoea. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia maji. Niliyasikiliza maji yale nikiwa na cherehani mbele yangu na baridi ya Juni imenishika miguu, nikajiona mtu aliyesafiri.

Mama mkubwa alisikia kila kitu, maana ukuta wa nyumba yetu unasitiri macho tu. Hakuuliza jina. Alimwita Redio. "Redio yako leo imechelewa," alikuwa akisema akipita na sufuria. Siku nyingine aliniuliza kama Redio ina miguu, au ndiyo zile za kukaa mezani. Nikamwambia watu wa serikali wana kazi nyingi. Akasema, naam, hata mbunge ana kazi nyingi lakini kwenye misiba tunamwona.

Mdogo wangu, ambaye ameolewa mtaa wa tatu kutoka kwetu na anajiona profesa wa wanaume kwa kuwa anaye mmoja, ndiye aliyeanza kunisomesha. Kwanza alinionyesha kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukisoma. Juu ya yule mbuzi mwenye miwani kulikuwa na mishale miwili midogo na maneno "imesambazwa mara nyingi". Mdogo wangu akafungua simu yake, akaingia kwenye kundi la kwaya yao, na mbuzi alikuwa hapo, ametumwa siku mbili kabla yangu. Nikasema si kitu, mtu akiona kizuri humkumbuka ampendaye. Akasema sawa, lakini mbuzi huyu amewakumbuka watu wengi.

Pili alinifundisha kupima. Alisema nisiangalie anaongea kwa muda gani, niangalie anaongea nini nikimuuliza nini. Tukafanya jaribio palepale kibarazani, yeye akiwa amemshika mtoto na mimi nikiwa na sindano mdomoni. Nikamwandikia bwana uvuvi: umekula nini leo? Haikupita muda, juu ya simu pakaandikwa "anarekodi sauti", na ikaja voisi ya dakika nne juu ya samaki mmoja wa mbasa, jinsi alivyokaangwa, jinsi mkia ulivyobaki, na jinsi alivyonikumbuka alipofika kwenye mkia. Tukasubiri kidogo. Nikaandika tena: Jumapili utakuwa wapi? Tiki mbili. Zikawa za bluu. Baada ya saa nzima ikaja stika ya mtoto mchanga anayepiga miayo.

"Umeona?" mdogo wangu akasema. "Swali lisilo na siku, dakika nne. Swali lenye siku, mtoto anasinzia."

Nikabishana naye. Nikasema labda hajui ratiba yake, ziwa halina Jumapili, wavuvi haramu hawapumziki. Akanipa kanuni ambayo tangu siku ile nimeikuta ni ya kweli kwa wanaume, mafundi wa umeme na hata wateja wangu. Mtu aliyebanwa kweli, ukimwambia Jumamosi atasema Jumamosi siwezi, Jumatatu je? Anakunyima siku moja na kukupa nyingine. Mtu asiyetaka kuja hakunyimi siku yoyote. Anakwambia tutaona, mambo yakitulia, wewe tu, mwezi ujao Mungu akijalia. Hutamkamata, maana hajakataa.

Nikarudi nyuma kwenye mazungumzo yetu kwa jicho hilo, kuanzia Mei. Tutaona zilikuwa tisa. Mambo yakitulia, sita. Siku yenye jina, hakuna. Na bado jioni ile voisi ilipoingia nikaisikiliza mara mbili, moja kwa ajili ya uchunguzi na nyingine kwa ajili yangu.

Ikafika kahawa. Mama mkubwa ana shamba huko Mapera, si kubwa, mibuni ya marehemu mumewe, na kila mwaka zikiiva tunakwenda ukoo mzima kuchuma Jumamosi moja. Anayekuja anafanya kazi na anakula. Hapo pana jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa, lakini nitalieleza. Mwanaume mwenye nia na binti wa nyumba hatumi barua kwanza. Anatokea siku ya kazi. Anachukua kikapu, anachuma, anakula na wenzake, anaondoka. Hakuna anayemuuliza kitu. Wazee wanakuwa wameshamwona mikono. Mume wa mdogo wangu alianza hivyo hivyo, na hadi leo wanamcheka kwamba alichuma na mbichi.

Wiki mbili kabla, mama mkubwa akaniuliza kwa sauti ya kawaida, akichambua maharage, kama Redio ahesabiwe kwenye chakula au asihesabiwe. Sikuwa nimejua mpaka dakika ile jinsi ninavyotaka ahesabiwe. Nina miaka thelathini na mbili. Watu wazuri wameshapita kibarazani wakaniuliza hali, na mmoja wao, mwalimu mjane mwenye adabu zake, nilikuwa nimemwambia asubiri nifikirie, kumbe nafikiria voisi. Nilichokitaka ni kitu kimoja: kujua kama nina mtu au nina sauti.

Nikamwalika. Niliandika, sikurekodi, ili siku ionekane: Jumamosi ya tarehe fulani, shambani Mapera, kuanzia asubuhi, wazee watakuwepo. Nikaeleza na maana ya kuwepo, kwa kuzungukazunguka kama Mmatengo anayeheshimu watu. Akajibu kwa voisi, na hii nitaikumbuka. Alisema mwaliko umemgusa hadi mfupani. Alisema tangu afike mkoa huu hakuna nyumba iliyomfungulia mlango namna hiyo. Kisha akasema, "Nifikishie salamu kwa mama. Mama, shikamoo."

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Marahaba, baba," akaijibu simu, halafu akakasirika kwa sababu niliona.

Mwisho wa voisi alisema in shaa Allah, hiyo siku nimeipenda. Sisi tukaelewa amekubali. Ndivyo mtu wa huku angeelewa. Kwetu ukimpa mzee salamu katika jambo la kazi, na ukasema siku umeipenda, umeshashika kikapu. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyeuliza: amesema anakuja, au amesema siku ni nzuri? Tukamwambia ana roho mbaya.

Mama mkubwa hakufanya mambo nusu. Mgeni ni Mwislamu, kwa hiyo jogoo hawezi kuchinjwa na mtu yeyote tu. Ijumaa akamfuata jirani yetu mwenye duka la vipuri, Mwislamu wa miaka mingi hapa Mbinga, akamwomba aje Mapera asubuhi kuchinja. Jirani akaja Jumamosi na kisu chake na kofia, akachinja jogoo wetu mkubwa kwa bismillahi, akauliza mgeni mwenyewe yuko wapi ili wasalimiane. Tukamwambia yuko njiani. Akakaa amsubiri.

Tulichuma. Kahawa ilikuwa nyekundu vizuri, matone ya umande yanaingia kwenye mikono ya sweta. Nilichagua mibuni ya pembeni ambako barabara inaonekana, na kwenye kila pikipiki iliyopanda ule mlima nilimshusha moyoni mtu mmoja. Saa nne. Saa tano. Simu niliiweka mfukoni mwa mbele, ikawa inanigonga tumboni kila nikiinama. Saa sita na nusu tukaketi kula, na nyama ya mgeni ikawekwa kwenye bakuli la pekee, limefunikwa sahani. Hapo ndipo simu ikalia.

Voisi, dakika mbili na sekunde arobaini na saba, na chini yake picha ya paka aliyelala chali kwenye sofa: "Nilipanga kutoka, mwili ukakataa."

Nilitaka kwenda nayo migombani. Mama mkubwa akasema, tena kwa upole, kwamba mgeni ni wa watu wote, na salamu zake tuzisikie wote. Nikaiweka simu kati ya masufuria. Ukoo mzima ukasikiliza, mikono ina ugali. Alisema moyo wake uko Mapera. Alisema anaiona kahawa kwa macho ya ndani. Alisema mambo yamekuwa mengi kidogo, yakitulia atakuja kukaa siku nzima, tena si siku moja. Akamalizia kwa kuwatakia wachumaji baraka, kwa maneno ambayo paroko wetu asingeyapanga vizuri zaidi.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu mume wa mama mkubwa, akafuta mdomo.

"Anaongea vizuri," akasema. "Mpeni nyama, ailie kwenye simu."

Walicheka mpaka kikapu kikapinduka. Na mimi nilicheka, sina budi kusema ukweli, kwa sababu kicheko kilikuwa kizuri na mlango mwingine wa kutokea sikuwa nao. Jirani mchinjaji ndiye aliyenihurumia. Alisema in shaa Allah ni neno zito, kijana hakupaswa kulitumia kama pazia. Kisha, kwa kuwa nyama ilikuwa halali yake, akafunua bakuli.

Jumapili yake sikushona. Nilikaa kitandani na simu nikasoma mazungumzo yote, safari hii kutoka mwanzo kabisa, Machi, ambako sikuwa nimefika nilipokuwa nahesabu tutaona. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kumhukumu. Nikaupata wa kunihukumu mimi.

Katikati ya Aprili, kati ya picha ya mbuzi na picha ya paka, alikuwa ameandika, kwa maandishi kabisa: "Kesho nipo Mbinga, kikao kinaisha saa nane. Nipite hapo kibarazani nikusalimu?" Siku, saa, mahali. Na mimi nilikuwa nimejibu kwamba kesho nakwenda Mapera, pole sana, na stika ya binti anayepunga mkono. Sikwenda Mapera. Nilikumbuka vizuri: nilikuwa nimefumua nywele nusu, na wazo la mtu kuja, kukaa, kuniangalia nikitafuta la kusema, lilinichosha kabla hajafika. Saa nane ile nilijifungia chumbani. Jioni akatuma voisi, nikafurahi kuliko ambavyo ningefurahi angekuja.

Nikamweleza mdogo wangu, nikidhani atanihurumia. Alicheka sana. Alisema basi mmekutana, redio mbili zinasikilizana. Halafu akasema taratibu kwamba Aprili si Agosti. Mtu anaweza kukataliwa mara moja akaogopa, lakini mimi nimeshamuita mara ngapi tangu hapo? Nikahesabu. Nimemuuliza siku mara saba, na mara ya nane nimemuitia ukoo. Hata hivyo sikutulia. Niliona nikimwacha sasa, maisha yangu yote nitakuwa najiuliza kama nilimfunga mdomo mwenyewe kwa ile stika. Nilitaka kumpa jaribio moja ambalo haliwezi kuitwa jina lingine. Na kwa kuwa yeye haji, maana yake ni mimi niende. Nilipolitamka hilo mama mkubwa aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Nikaandika: Jumamosi hii nitakuwa Liuli saa nne. Nitakaa kwenye mgahawa ulio karibu na lango la hospitali. Saa nane gari linarudi Mbamba Bay na mimi nitakuwemo. Sikuweka alama ya kuuliza. Mdogo wangu aliniambia niiache hiyo alama. Swali linampa mtu nafasi ya kulizunguka, taarifa haizungukwi.

Akajibu stika: mtu anaruka kwa furaha. Sikujua inahesabiwa wapi.

Niliondoka Mbinga alfajiri. Lami inashuka kwa kujipinda kutoka kwenye baridi yetu, na kila kona nilivua kitu: kwanza kitenge cha mabegani, kisha sweta. Mbamba Bay nikabadilisha gari, tukaenda kwa vumbi na mawe hadi Liuli. Sijawahi kusema hili kibarazani, lakini ziwa nilipoliona likiwa zima, si nyuma ya sauti ya mtu, nilijisikia mjinga kwa miezi ile yote niliyolisikiliza kwenye simu. Mchangani walikuwa wameanika usipa, dagaa wa ziwani, wanang'aa kama sindano zangu zikimwagika.

Saa nne nilikuwa mezani. Saa nne na robo nikaagiza chai. Saa nne na nusu mama wa mgahawa, aliyenisoma kuliko mimi nilivyowahi kusoma chochote, akaniuliza kama nimwagizie na mwenzangu. Saa nne na dakika arobaini akaja.

Alikuja, nampa haki yake. Alikuja na pikipiki, amevaa ile suruali, na pindo langu limekaa sawasawa. Akanipa mkono, akasema karibu Liuli. Nikasema ahsante. Akakaa. Nikasubiri ile asali.

Haikuja. Aliangalia meza. Aliuliza safari, nikasema salama. Aliuliza mama, nikasema anakusalimu. Akasema leo kuna joto. Nikakubali. Mbasa wawili wakaletwa tukala, na mtu aliyewahi kunisimulia mkia wa samaki kwa dakika nne alimla huyu kuanzia kichwani hadi mwisho bila neno. Kila kimya kilipozidi alitoa simu, akaigusa, akairudisha. Mimi nami sikuwa bora. Nilipanga miiba pembeni ya sahani kwa ukubwa.

Mwisho nikamuuliza nililokuja nalo. Kwanza kama ana mke, Tanga au popote. Akasema hana, na nilimwamini, maana alijibu haraka na bila mapambo. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuja Mapera.

"Kwenye simu najua cha kusema," akasema. Alikuwa anaongea na sahani. "Nikikosea nafuta, narekodi tena. Ile ya Mapera nilirekodi mara tano. Sasa nije nikae mbele ya wazee wako, nitafuta wapi?"

Hiyo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote alizowahi kunipa, na haikuwa na utamu wowote. Nilimwelewa hadi nikatamani nisimwelewe. Nikamwambia kuhusu Aprili, kwamba nilikuwa nyumbani, nimejificha. Akacheka kidogo, mara ya kwanza, na akawa mzuri. Kwa dakika hiyo moja nikaona inawezekana: watu wawili waoga wanaojuana.

"Basi Mbinga utakuja lini?" nikauliza.

"Tutapanga."

"Tupange sasa. Jumamosi ijayo, au ile nyingine? Wazee sitakuletea. Ni kibarazani tu, mimi na wewe, na ukinyamaza nitaendelea kushona."

Akatoa simu. Nikadhani anatafuta kalenda. Nikaona kidole chake kinapandisha na kushusha. Kisha akaigeuza kuelekea kwangu. Ilikuwa picha ya kuku amesimama mbele ya sufuria, na maandishi: "Mimi nikiulizwa mipango ya baadaye."

Ubaya ni kwamba ilichekesha. Nikacheka. Yeye akashusha pumzi kama mtu aliyevuka mto, akarudisha simu mfukoni, na swali likabaki mezani pamoja na miiba. Nilimpa nafasi. Nilisubiri mpaka chai ya pili ikapoa. Saa nane kasorobo akasema nisije nikachelewa gari.

Voisi iliingia nilipofika Mbamba Bay nabadilisha gari. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Niliisikiliza nimeegemea dirisha. Alisema nilivyoingia mgahawani (kumbe alikuwa ameniona tangu saa nne, amesimama na pikipiki upande wa pili) nilionekana kama mtu anayeijua thamani yake. Alisema nilivyopanga miiba, alitamani kila siku aone mikono ile ikipanga kitu. Kila alichokisema kilikuwa kizuri na kila alichokisema alikuwa nacho mdomoni saa tatu nzima, mimi nikiwa nimekaa mbele yake.

Sikuisikiliza mara ya pili. Mlima ulipoanza nikaandika:

"Sauti yako nimeipenda tangu Machi, sikatai. Lakini nataka mtu wa kukaa naye, na wewe hutaki kuja. Sikulaumu. Usinitumie voisi tena. Siku ukiweza kuja, njoo mchana, bila kunitangulizia salamu."

Nikabonyeza kutuma. Mtandao ulikuwa umeshakatika kwenye zile kona, kwa hiyo badala ya tiki pakatokea kale kasaa kadogo. Ujumbe wangu ulikuwa bado haujakwenda popote. Ningeweza kuufuta; njia nzima kuanzia pale hadi mtandao urudi, ulikuwa wangu. Nilikaa nikikaangalia kasaa hako, kidole juu yake. Nilijua nikiufuta, saa kumi na moja kesho maji yatasikika tena nyuma ya sauti yake, na kibaraza kitakuwa kama kawaida, na nitakuwa na furaha, kwa namna yangu. Nilivaa sweta. Nilikaangalia tena. Na kwa kuwa mimi ni mtu ambaye saa hizo kwa kawaida yuko hatua kumi na moja tu kutoka kitandani, usingizi ukanichukua kabla sijaamua, au labda nilikuwa nimeshaamua ndiyo maana ukanichukua.

Kondakta alinigusa bega stendi ya Mbinga. Nikafungua simu. Tiki mbili, zimekuwa za bluu. Juu, chini ya picha yake, pameandikwa: anarekodi sauti. Maneno hayo yalitoweka, yakarudi, yakatoweka tena. Najua alikuwa anafuta na kuanza upya. Niliizima simu nzima, nikaitia ndani ya mkoba, na nikaenda nyumbani kwa miguu, polepole, kwa njia ndefu ya sokoni ambayo huwa siipiti.